Alikuwa akija, akaja, huja: babu akirukaruka kati ya desturi na tukio, Kiingereza ukiandikeje

Swali: Mwalimu shikamoo. Nimerekodi maneno ya babu yangu, alifanya kazi reli kule Kasese, anaongea Kiswahili cha reli kile cha zamani. Nataka kutafsiri kwa Kiingereza wajukuu walio nje wasome. Shida ni kwamba anaruka, mara alikuwa akifanya, mara akafanya, mara anafanya, mara hufanya, ndani ya pumzi moja. Nikiweka tensi ya kawaida ya zamani kila kitu kinaonekana kilitokea mara moja, nikiweka "used to" kila mahali inasomeka kama mtoto ameandika. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba ndugu yangu, msalimie mzee sana. Kile kipande ulichonitumia nimekisoma mara tatu, na nitakitumia hichohicho, maana kina karibu kila mtego uliopo kwenye kazi hii. Ila kabla sijakigusa kuna jambo moja ambalo ukilielewa, yaliyobaki yanakuwa mepesi.

Kiswahili kinaweka tofauti ya desturi na tukio ndani ya kitenzi chenyewe. Babu akisema treni ilikuwa ikifika, unajua ni mazoea, akisema treni ikafika, unaona treni moja inaingia stesheni. Kiingereza hakina huo utajiri kwenye kitenzi, neno "came" linabeba zote mbili, alikuja jana na alikuwa akija kila wiki, na Mzungu haoni shida yoyote kwa sababu yeye anaangalia maneno ya wakati yaliyo pembeni, sio kitenzi. Kwa hiyo kazi yako sio kutafuta kitenzi cha Kiingereza cha kulingana na kila kiambishi cha babu, hapo ndipo "used to" zinapojaa kama nzi. Kazi yako ni kuhamisha mzigo, kuutoa kwenye kitenzi na kuupeleka kwenye maneno kama "in those days", "then one day", "from that day on". Ukishaweka neno la namna hiyo mlangoni mwa kipande, vitenzi vinavyofuata unaviacha vya kawaida na msomaji hapotei hata kidogo.

Haya, kipande chenyewe hiki hapa, nakiweka kama babu alivyosema:

"Wakati ule nilikuwa nakaa Kasese, karibu na stesheni. Treni ya kutoka Kampala ilikuwa ikifika asubuhi. Tulikuwa tunasikia honi kutoka mbali, tunatoka mbio, tunapanga mizigo. Mama wa uji alikuwa akituletea uji, hadai pesa mpaka mwisho wa mwezi. Siku moja treni ikachelewa. Tukangoja mpaka jua likazama. Tukamkuta mama wa uji amelala juu ya magunia, uji umepoa. Treni ikafika usiku, dereva akashuka, hakusema kitu. Kumbe maji yalikuwa yamefunika reli. Watu wa Kasese hutazama milima kwanza ndipo watoke. Tangu siku ile, treni ikichelewa, mama haleti uji mpaka asikie honi."

Usianze kuandika Kiingereza. Mimi huchukua penseli, kila kitenzi nakiandikia juu herufi, D kwa desturi, T kwa tukio, na H kwa hali, yaani kitu kilichokuwa hivyo tu bila kutendeka, kama kukaa, kuwa na, kupenda, kujua. Inachukua dakika tano. Ukimaliza utaona herufi zinakaa makundi makundi, sio ovyo kama ulivyodhani. Hapa kwako kuna H moja mwanzo, kisha D zimefuatana, halafu "siku moja" inakata, T zinafuatana mpaka dereva na maji, halafu kuna sentensi moja ya watu wa Kasese iko peke yake kabisa, na mwisho D tena. Mzee hakuwa anarukaruka, alikuwa na mpangilio mzuri tu, we ndo ulikuwa unamsoma kitenzi kimoja kimoja.

Sasa kuna kitenzi ambacho penseli peke yake haitoshi, nacho ni hicho cha alikuwa aki-, pamoja na ndugu yake wa mitaani alikuwa ana-. Kina sura mbili. Alikuwa akila inaweza kuwa wakati huo mkono uko kwenye sahani, na inaweza kuwa ndiyo ilikuwa tabia yake. Kiingereza kinazitenganisha, "was eating" na "used to eat", huwezi kukaa katikati.

Nikuambie kwa nini mimi nakuwa mkali hapa. Miaka ya nyuma nilipewa maelezo ya mwanamke mmoja niyatafsiri, kesi ya nyumbani, alikuwa ameandikiwa kwa Kiswahili, na ndani kulikuwa na sentensi "alikuwa akinipiga watoto wakiona". Nikaandika "he was beating me while the children watched". Ikapita. Baadaye wakili wake ananiuliza mbona tafsiri inasema tukio moja wakati mteja wake anazungumzia miaka minne, nikarudi kwenye karatasi nikasoma sentensi iliyotangulia, ilikuwa inasema "tangu tuhamie pale". Yaani jibu lilikuwa mstari mmoja juu na mimi nilikimbia. Ilibidi karatasi irudishwe isahihishwe, aibu nilibeba mimi. Ilitakiwa "he used to beat me in front of the children", na hiyo sentensi moja inabadilisha kesi nzima.

Kwa hiyo angalia jirani zake. Kukiwa na tukio linaloingia katikati, nilipofungua mlango alikuwa akila, hiyo ni "was eating" bila ubishi. Kukiwa na muda mpana, wakati ule, enzi za mkoloni, tangu tuhamie, kila, siku za soko, hiyo ni desturi. Na kama jirani hawasemi kitu, sisi wa Uganda tuna bahati ambayo watu wa pwani hawana, una lugha ya nyumbani. Kama babu anajua Luganda muombe arudie sentensi hiyohiyo kwa Luganda. Luganda hakikubali kuficha, yali ankuba ni alikuwa ananipiga saa hiyo, yankubanga ni alikuwa na mazoea ya kunipiga, ile -nga ya mwisho ndiyo inamaliza maneno. Yajja alikuja, yajjanga alikuwa akija. Mimi nikikwama nafanya hivyo kichwani mwangu mwenyewe, naisema sentensi kwa Luganda, nikisikia ulimi umetafuta -nga basi najua ni desturi.

Na sikiliza rekodi vizuri, usitegemee ulichoandika. Wazee wengi wa bara wana ile -ga yao, tulikuwaga tunakula, alikuwaga anakuja. Shuleni tuliambiwa ni makosa, na ukiandika insha ni makosa kweli, lakini kwa mtafsiri hiyo -ga ni zawadi, ni alama ya desturi mzee amekuwekea bure. Wengi wakiandika rekodi wanaisafisha ili babu aonekane amesoma, halafu wanabaki wanajiuliza ilikuwa desturi au tukio. Iache kwenye nakala ya Kiswahili.

Turudi kwa babu. "Nilikuwa nakaa Kasese." Hii ni hali. Unaweza kusema "I lived in Kasese" au "I used to live in Kasese". Huwezi kusema "I would live", kwa sababu "would" ya desturi inakubali vitendo vinavyojirudia tu, haikubali hali, hakuna Mwingereza anasema "I would have a bicycle" akimaanisha nilikuwa na baiskeli. Na tafadhali sio "I was staying in Kasese", najua sisi hapa ndivyo tunasema, stei ni kukaa, kila mtu Kampala anakuuliza unastei wapi, lakini mjukuu wake aliyezaliwa huko nje akisoma "was staying" ataelewa babu alikuwa mgeni hapo siku mbili tatu, pengine hoteli. Mimi nachagua "lived" na mbele yake naweka "in those days", na kwa kufanya hivyo nimefungua mlango wa desturi mapema, sihitaji tena kuhangaika.

Sentensi ya pili, treni ilikuwa ikifika asubuhi. Hapa ndipo ninapoitumia ile "used to" yangu, moja, kwenye desturi ya kwanza yenye kitendo. "The train from Kampala used to come in the morning." Linganisha na kitenzi hichohicho kikiwa tukio, reli ilifika Kasese mwaka 1956, hiyo ni "the railway reached Kasese in 1956", ilifika ikakaa, mara moja. Na angalia nimekataa kuandika "every morning". Babu hakusema kila asubuhi. Desturi ya Kiswahili inakuambia kitu kilijirudia, haikuambii mara ngapi, treni inaweza kuwa ilikuja mara mbili kwa wiki na bado mzee akasema ilikuwa ikifika asubuhi. Ukiongeza "every" umemsingizia babu ratiba ambayo hakuitoa.

Hapohapo nikuonye kitu ambacho nakisikia kila siku. "Used to" haipendi kuhesabiwa. Babu akisema nilifanya kazi pale miaka kumi na miwili, usiandike "I used to work there for twelve years", hata kama masikio yetu ya Uganda hayaoni kosa. Muda ukishafungwa kwa namba, Kiingereza kinataka tensi ya kawaida, "I worked there for twelve years". Vivyo hivyo nilienda Jinja mara tatu, ni "went", basi.

Sentensi ya tatu ndo tamu. "Tulikuwa tunasikia honi kutoka mbali, tunatoka mbio, tunapanga mizigo." Ona vitenzi viwili vya mwisho havina zamani ndani yake hata chembe, tunatoka, tunapanga, ukivichukua peke yake ni sasa hivi. Wanafunzi wangu wengi hapa wanaandika "we run out, we arrange", ghafla hadithi inarukia leo. Mi nawaambia wafikirie treni. Kitenzi cha kwanza ndicho injini, kimebeba wakati, vinavyofuata ni mabehewa, yanakwenda kule injini inakwenda. Tunatoka na tunapanga yamefungwa nyuma ya tulikuwa tunasikia, kwa hiyo ni zamani na ni desturi. Kwa Kiingereza unaweka "would" moja tu mbele, na mabehewa yanabaki matupu: "We would hear the horn from far off, run out and line up the loads." Ni "would" moja kwa vitenzi vitatu, usiirudie.

Kwa nini "would" hapa na sio "used to"? Kwa sababu mlango umeshafunguliwa. "Would" haiwezi kufungua mlango yenyewe, ukianza hadithi na "we would hear the horn" msomaji anauliza lini, kama nini, anasubiri "if". Lakini ikishatanguliwa na "used to" au "in those days", inaingia vizuri na inapunguza ule uzito.

Ile -ka- nayo ni behewa vilevile na hapa watu wanakosea kwa kujiamini. Wanakariri kwamba -ka- ni tukio. Sio lazima. Siku nyingine babu anaweza kukuambia "dereva alikuwa akifika, akavua kofia, akaketi, akaitisha chai", na yote hiyo ni desturi, -ka- imevutwa na alikuwa akifika, maana yake kila alipofika mambo yalifuatana hivyo. Kwa hiyo ukiona -ka- usiiangalie yenyewe, panda juu mpaka ukute injini.

Mama wa uji. "Alikuwa akituletea uji, hadai pesa." Kufikia hapa nina "used to" moja na "would" moja, msomaji ameshatulia ndani ya desturi, kwa hiyo natumia tensi ya kawaida tu, "brought". Tatizo liko kwenye hadai. Ukanushi wa desturi ndio sehemu ambayo Kiingereza kinakuwa kizito. Sisi tuna hakudai, siku ile hakudai, na tuna alikuwa hadai, hakuwa na tabia hiyo. Kiingereza "did not ask" ni zote mbili. Mi hukimbilia "never", "and never asked for money until the end of the month", inabeba mazoea bila kelele. Njia nyingine iko kwenye kile kidudu "the". Hakunywa chai, kama chai ilikuwa mezani, ni "he did not drink the tea", na alikuwa hanywi chai ni "he did not drink tea", au "never drank tea". Kitenzi hakijabadilika, "the" ndiyo imebeba tofauti yote. Sisi ambao lugha zetu hazina "the" tunaiweka kwa bahati nasibu, lakini kwenye kazi ya desturi na tukio inafanya kazi kubwa kuliko viambishi.

Sasa "siku moja". Kwa Kiswahili mkato unausikia mara mbili, kwenye neno siku moja na kwenye kitenzi kinapogeuka kuwa ikachelewa. Kwa Kiingereza umebaki na neno tu. Kwa hiyo lipe nguvu kidogo, "Then one day the train was late", hiyo "then" sio ya bure, inamwambia msomaji tumetoka kwenye mazoea. Kuna siku babu hatasema siku moja, atageuza kitenzi tu, kutoka alikuwa akija kwenda akaja, bila taarifa. Hapo wewe lazima utie neno la wakati hata kama yeye hakulitia, "that time", "on one occasion", vyovyote. Sio kumwongezea, kwa sababu alilisema, alilisema ndani ya kitenzi.

Tukangoja, ikafika, akashuka, hizo ni rahisi, zipite. Simama kwenye "amelala" na "umepoa". Ukifuata kitabu utaandika "she has slept, the porridge has cooled" na utakuwa umeharibu picha. -me- kwa vitenzi vya namna hii inaonyesha hali iliyopo baada ya kitendo, na hali hiyo inahesabiwa kuanzia pale walipomkuta, sio leo. Kiingereza kina sifa tayari, "asleep", "cold". "We found her asleep on the sacks, the porridge gone cold." Hakuna kitenzi chenye wakati wake kilichobaki baada ya "found" na picha imekaa. Ila "yalikuwa yamefunika" ni tofauti, hapo babu anarudi nyuma ya lile tukio, maji yalitangulia treni kuchelewa, na Kiingereza kina kitu chake kamili cha hapo, "had covered". Neno kumbe nalo usiliache, "it turned out".

Halafu watu wa Kasese hutazama milima. Hu- haina wakati ndani yake na wala haina nafsi, na kwa kawaida inasema jambo ambalo ndivyo lilivyo mpaka sasa. Hapa babu amesimamisha hadithi, amekugeukia wewe anakuambia habari za watu. Kwa hiyo Kiingereza kinageuka kuwa cha sasa, "People in Kasese look at the mountains before they set out", na usiogope kwamba kuna kitenzi cha sasa katikati ya vya zamani. Ukiandika "used to look" umesema wameacha, kwa sababu "used to" inabeba fununu kwamba jambo limekwisha. Mzee hajasema wameacha. Nimeshaona hu- ikitumika pia ndani ya zamani, hasa ikitanguliwa na neno kama zamani au enzi hizo, kwa hiyo tazama kama kuna neno kama hilo juu yake, hapa kwako halipo.

Kwa pembeni tu, maana litakukuta kwenye hiyo rekodi ndefu: hu- ya desturi inafanana sura na hu- ya wewe kukanushwa. Kwa vitenzi vya Kibantu mwisho wake unakuokoa, hulala ni desturi, hulali ni wewe. Lakini vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki mwisho, kwa hiyo husahau ni ama watu wana kawaida ya kusahau ama wewe husahau kitu kabisa, maana zinapingana uso kwa uso! Hurudi, hufikiri, hujibu, zote ndivyo. Nilimsahihisha kijana mmoja aliyetafsiri "ukienda kule hurudi" kwamba mtu akienda kule ana kawaida ya kurudi, wakati mzee alikuwa anatisha watoto wasiende mtoni.

Sentensi ya mwisho, "tangu siku ile, treni ikichelewa, mama haleti uji mpaka asikie honi". Hii ni desturi mpya iliyozaliwa na tukio. Injini yake ni "tangu siku ile". Ile ikichelewa sio "if the train is late", -ki- ndani ya desturi ni kila inapotokea, "whenever". Na haleti, utatamani kuandika "she would not bring the porridge", kwa sababu umeshazoea "would". Usiandike. "Would not" kwa Kiingereza inasikika kama amegoma, amekataa katakata, mama wa watu anageuka mkaidi bure. Rudi kwenye "never".

Ukiunganisha unapata hivi:

"In those days I lived in Kasese, near the station. The train from Kampala used to come in the morning. We would hear the horn from far off, run out and line up the loads. A woman who sold porridge brought us our share and never asked for money until the end of the month. Then one day the train was late. We waited until the sun went down. We found her asleep on the sacks, the porridge gone cold. The train came in at night. The driver climbed down and said nothing. It turned out that water had covered the line. People in Kasese look at the mountains before they set out. From that day on, whenever the train was late, she never brought the porridge until she heard the horn."

Hesabu, "used to" moja, "would" moja, na bado hakuna mahali msomaji anachanganya desturi na tukio. Kile nilichoandika "who sold porridge" nimekisia kutokana na pesa za mwisho wa mwezi, wewe unamjua huyo mama, rekebisha.

Kuna mambo mawili siwezi kuamua nikiwa huku, muulize babu mwenyewe jioni akiwa ametulia. La kwanza, ile "tukamkuta amelala", walimkuta wapi na walikuwa wametoka wapi, maana sentensi ya juu wote walikuwa wanangoja pale, pengine kuna kipande cha rekodi umekiruka. La pili, hayo mambo ya milima, muulize watu wangali wanafanya hivyo au alikuwa anazungumzia wenzake wa wakati ule. Akikujibu "ee, mpaka leo", acha "look". Akikujibu "sisi wa zamani", badilisha iwe "looked", na hapo sentensi isibaki katikati ya usiku ule wa treni, ipandishe juu ikakae na zile za honi na mizigo.